Kulikamata Jina la Mwisho kwenye Excel

Majina ya marais sita walioiongoza Tanzania yanatosha kumtoa jasho karani wa masjala. Yaandike kamili kwenye safu A ya Excel, kila jina na seli yake, kuanzia A2: Julius Kambarage Nyerere, Ali Hassan Mwinyi, Benjamin William Mkapa, Jakaya Mrisho Kikwete, John Pombe Joseph Magufuli na Samia Suluhu Hassan. Kisha itake kompyuta iyachukue majina ya mwisho tu na kuyapanga kwenye safu B. Watano wana majina matatu, mmoja ana manne. Ukimkaribisha Jomo Kenyatta wa Kenya kwenye orodha hiyo, unampata mwenye mawili. Watu saba tu, na tayari urefu wa majina ni wa aina tatu.

Kazi hii huwakuta walimu wanaopanga wanafunzi kwa jina la ukoo, makarani wa mishahara, makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, hata kamati za harusi zinazopokea majina ya wachangiaji kama yalivyokuja kwenye simu. Fomu mpya inataka jina la ukoo likae peke yake, lakini daftari la zamani lina jina zima ndani ya seli moja. Orodha ya watu ishirini mtu ataiandika upya na kuimaliza kabla chai haijapoa. Ya watu elfu mbili itamla wiki, na makosa ya uchovu yataingia humo humo.

Wengi huanza na kitufe cha Excel kinachoigawa seli kila penye nafasi, kile cha Text to Columns. Kinagawa kweli, lakini kinagawa kuanzia kushoto. Kenyatta anaangukia safu ya pili, Nyerere ya tatu, Magufuli ya nne. Majina ya mwisho yametawanyika kwenye safu tatu tofauti, na aliyetaka orodha moja sasa ana kazi ya pili ya kuyakusanya.

Njia ya fomula nayo ina mtego wake. Excel ina amri iitwayo `FIND`, ambayo hutafuta alama fulani ndani ya maandishi na kusema imeikuta kwenye herufi ya ngapi. Mtu mwenye akili ya haraka ataitumia kutafuta nafasi kati ya majina, kisha achukue kila kilicho kulia kwake:

```
=RIGHT(A2,LEN(A2)-FIND(" ",A2))
```

Kwa Jomo Kenyatta jibu ni sahihi. Jina zima lina herufi 13, nafasi ikiwa imehesabiwa humo, na nafasi yenyewe iko ya 5. Kumi na tatu toa tano ni nane, na herufi nane za kulia ni Kenyatta. Kwa Julius Kambarage Nyerere fomula hiyo hiyo inaleta "Kambarage Nyerere", kwa kuwa `FIND` husoma kutoka kushoto na kusimama kwenye nafasi ya kwanza inayokutana nayo. Ukiifundisha iruke nafasi ya kwanza na kutafuta ya pili, Nyerere anapatikana, lakini Magufuli anatoka na "Joseph" mgongoni, na Kenyatta, asiye na nafasi ya pili, anajibiwa kwa kosa la `#VALUE!`. Kinachohitajika ni kutafuta kuanzia kulia, na `FIND` haina njia ya kurudi nyuma.

Watumiaji wa Excel waliizunguka shida hiyo kwa ujanja ambao umeenea duniani kote, na ambao bado unafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani ofisini:

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",REPT(" ",100)),100))
```

Kwa kuitazama tu, inatisha. Isomwe kuanzia ndani kwenda nje, nayo inafunguka. `REPT(" ",100)` inatengeneza nafasi tupu 100 zilizofuatana. `SUBSTITUTE` inapita kwenye jina na kila inapokuta nafasi moja inaiondoa na kuweka hizo 100. `RIGHT` inakata herufi 100 za mwisho. `TRIM` inafagia nafasi zilizobaki pembeni.

Mchukue Jakaya Mrisho Kikwete. Jina lake lina herufi 19 na nafasi 2. Baada ya kutanuliwa, nafasi hizo mbili zimekuwa 200, na jina zima lina urefu wa 219. Sasa kata herufi 100 kutoka kulia. Saba za mwisho ni Kikwete. Zinazobaki 93 zote zinatoka kwenye pengo lililo kati ya Mrisho na Kikwete, pengo ambalo lenyewe lina 100. Kisu kimeangukia patupu, hakikugusa hata herufi moja ya Mrisho. `TRIM` ikishafagia, kilichobaki ni Kikwete.

Kwa John Pombe Joseph Magufuli urefu unapanda hadi 323, maana majina ni manne na mapengo matatu. Lakini mkato ni ule ule: herufi 8 za Magufuli na nafasi 92 zinazomtangulia. Kilichotokea mbele zaidi, iwe majina mawili au kumi, hakimhusu anayekata kutoka nyuma. Ni kama foleni ambayo kila mtu ameambiwa asimame hatua mia moja kutoka kwa mwenzake: anayeanzia mkiani na kupima hatua mia atamkuta mtu mmoja tu, hata foleni ikiwa imefika barabarani.

Kwa nini 100 na siyo namba nyingine? Fomula ina namba mbili, ya kutanua na ya kukata, na kila moja ina masharti. Ya kukata lazima itoshe neno refu kuliko yote. Mtu akiweka 10 kwa kubana matumizi, Juvénal Habyarimana, aliyekuwa rais wa Rwanda, atapoteza herufi ya kwanza ya jina lake, kwa sababu Habyarimana ina herufi 11, na jibu litakuwa "abyarimana". Namba ya kutanua nayo isiwe ndogo kuliko ya kukata. Ukitanua kwa 10 ukakata 20, Kikwete anachukua herufi 7, pengo linachukua 10, na 3 zilizobaki zinapokonywa kwa jirani: jibu linakuwa "sho Kikwete". Namba mbili zikilingana na zote zikiwa kubwa kuliko jina lolote la ukoo, hakuna kinachovuja. Mia moja inakidhi hilo kwa majina ya watu karibu wote.

Amri hizo nne zipo pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc, na zinafanya kazi vile vile. Anayetumia kompyuta yenye Excel ya Kifaransa, kama ilivyo katika ofisi nyingi za Burundi na Kongo, ataziandika kwa majina mengine na kutumia nukta-mkato mahali pa mkato:

```
=SUPPRESPACE(DROITE(SUBSTITUE(A2;" ";REPT(" ";100));100))
```

Faili lililoandikwa kwa Kiingereza likifunguliwa huko, Excel yenyewe hubadilisha majina ya amri. Ni anayechapa upya tu ndiye anayepaswa kuangalia.

Fomula ikishaandikwa B2, hushushwa hadi chini kwa kubofya mara mbili kwenye kona ya seli. Hapo ndipo orodha halisi huanza kuonyesha tabia zake. Orodha ya marais iliyochapwa kwa makini itatoka safi. Orodha iliyopita mikononi mwa makarani watano kwa miaka minane haitatoka safi.

Dalili ya kwanza ni seli tupu. Safu A ina jina, safu B haina kitu, wala hakuna alama ya kosa. Mara nyingi sababu ni nafasi moja iliyoachwa baada ya herufi ya mwisho, pale mchapaji alipogonga kitufe cha nafasi kwa mazoea. Fomula inaitanua nafasi hiyo kama nyingine, mkato wa 100 unaanguka wote ndani yake, na `TRIM` inafagia kila kitu. Kuthibitisha ni rahisi: `=LEN(A3)` kwa Ali Hassan Mwinyi inapaswa kusema 17. Ikisema 18, kuna mgeni asiyeonekana. Dawa ni kuweka `TRIM` ya pili, ndani kabisa, ilisafishe jina kabla halijatanuliwa.

Dalili ya pili ni ngumu zaidi kugundua. Jina linatoka zima, kana kwamba fomula haikuona nafasi yoyote, au jina la mwisho linaonekana sawa kabisa lakini halikubali kulinganishwa na lile lile kwenye orodha nyingine. Hii huwapata walionakili majina kutoka kwenye kurasa za mtandao. Kurasa hizo hutumia aina ya nafasi isiyoruhusu mstari kukatika mahali hapo. Kwa macho ni sawa na nafasi ya kawaida, lakini kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa: ya kawaida ina namba 32, hiyo ina namba 160. `TRIM` haiijui hiyo ya 160, na `SUBSTITUTE` iliyoambiwa itafute ya kawaida itaipita.

Anayeshuku aandike `=UNICODE(RIGHT(A2,1))`, na Excel itamtajia namba ya alama ya mwisho kwenye seli. Jibu likiwa 160, mkosaji amepatikana. Lakini nafasi hiyo huweza pia kujificha katikati ya majina, na hapo jaribio la mwisho wa seli halitaiona, kwa hiyo ni salama zaidi kuigeuza kuwa nafasi ya kawaida kwenye kila seli. Fomula inayostahimili orodha chafu huwa hivi:

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(TRIM(SUBSTITUTE(
A2,UNICHAR(160)," "))," ",REPT(" ",100)),100))
```

`UNICHAR` na `UNICODE` ziliingia Excel ya 2013. Mwaka huo huo ilikuja njia nyingine ambayo haihitaji fomula hata kidogo: mtu anachapa "Nyerere" kando ya jina la kwanza, anashuka seli moja, anabonyeza Ctrl na E, na Excel inajaribu kukisia mfano huo kwa seli zote zilizobaki. Inaitwa Flash Fill. Kwa orodha fupi ni msaada mkubwa, lakini ni kisio. Mifano miwili ya mwanzo ikiwa ya watu wenye majina matatu, inaweza kuamua kwamba kinachotakiwa ni neno la tatu, na Magufuli akaandikwa Joseph. Tena haijisahihishi: jina likibadilishwa safu A, safu B inabaki na la zamani.

Wenye Excel mpya wana njia fupi zaidi. Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza amri ya `TEXTAFTER`, ambayo sasa imo kwenye Microsoft 365 na Excel 2024. Hiyo inakubali kuhesabu kutoka nyuma:

```
=TEXTAFTER(TRIM(A2)," ",-1)
```

Ile -1 ndiyo kiini chake. Inaiambia Excel ichukue kinachofuata baada ya nafasi ya kwanza kutoka kulia. Kwenye kompyuta ya zamani fomula hiyo italeta `#NAME?`, kwa hiyo faili linalozunguka kati ya ofisi zenye matoleo tofauti bado linahitaji ile ndefu.

Fomula hizo mbili zinatofautiana pia kwa mtu mwenye jina moja tu. Ile ndefu itamrudisha "Asha" kama jina la ukoo, bila kusema lolote. `TEXTAFTER` itasema `#N/A`, kwamba haikuona nafasi yoyote. Kwa karani anayetafuta fomu zilizojazwa nusu, kosa hilo ni taarifa yenye manufaa kuliko jibu lililotulia.

Kutoka hapo swali linahama kutoka kwenye kompyuta na kwenda kwenye desturi za majina. Fomula inajua nafasi tupu, haijui ukoo. Kwa mtindo wa majina matatu uliozoeleka Tanzania, la pili ni la baba na la tatu mara nyingi ni la babu au la ukoo. Ndiyo maana "Hassan" limekaa katikati kwa Rais Mwinyi na mwishoni kwa Rais Samia. Fomula itamwandika Mwinyi kwenye herufi M na Samia kwenye H, na zote mbili ni sahihi kwa kanuni ya neno la mwisho, ingawa wananchi wanaosema "Rais Samia" wangemtafuta kwenye S.

Kongo ina mpangilio wake. Huko jina la ukoo hufuatwa na jina jingine la nyongeza, hivyo Félix Antoine Tshisekedi Tshilombo anatoka kwenye fomula kama Tshilombo, na Joseph Kabila Kabange anatoka kama Kabange. Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, mwenye maneno manane, anabaki Banga. Hakuna namba ya kubadilisha ndani ya fomula itakayorekebisha hilo. Orodha yenye Wakongomani wengi inahitaji safu ya ziada ya uraia au utaratibu wa jina, na mtu wa kuipitia.

Kuna kundi jingine ambalo linarekebishika. Familia za Oman hubeba "Al" mbele ya jina la ukoo: Qaboos bin Said Al Said, sultani aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, anatoka kama "Said" peke yake, na kipande cha jina lake kimekatwa. Suluhisho ni kuyafunga maneno hayo mawili kwa kistari cha chini kabla ya kutanua, kisha kukifungua mwishoni:

```
=SUBSTITUTE(TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(
TRIM(A2)," Al "," Al_")," ",REPT(" ",100)),100)),"_"," ")
```

"Al Said" likishakuwa "Al_Said", Excel inaliona neno moja, na mkato unalileta zima. Ila `SUBSTITUTE` inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo aliyeandikwa "al" atapita bila kufungwa. Mbinu hiyo hiyo inafaa kwa "van" ya Waholanzi. Kwa Martin Luther King Jr. shida iko upande wa pili: neno la mwisho ni "Jr.", na linatakiwa kuondolewa kabla, kwa kubadilisha `" Jr."` kuwa patupu.

Fomula hiyo haibagui majina na sentensi. Iliyopewa "Mgeni alirudi nyumbani." italeta "nyumbani." pamoja na nukta yake, kwa kuwa hakuna nafasi kati ya neno na nukta. Tatizo huja maandishi yanapokuwa marefu. Seli moja ya Excel haibebi zaidi ya herufi 32,767, na matokeo ya kutanua nayo yamefungwa na kikomo hicho. Aya yenye mapengo 150 ikitanuliwa kwa 100 inafika kama 16,000 na kupita salama. Yenye mapengo 350 inazidi 35,000 na kujibiwa `#VALUE!`. Hakuna haja ya kuitanua aya nzima kwa ajili ya neno lake la mwisho, basi inatosha kukata mkia kwanza:

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(RIGHT(TRIM(A2),100)," ",REPT(" ",100)),100))
```

Kabla ya kuikabidhi orodha, kuna ukaguzi wa dakika chache unaokamata mengi. Kwenye safu C iandikwe `=LEN(B2)`, ishushwe hadi chini, kisha orodha nzima ipangwe kuanzia namba ndogo. Sifuri ni seli zilizotoka tupu. Moja na mbili huwa ni herufi za kifupisho. Kwenye tatu watakutana "Jr." anayestahili kufutwa na Moi anayestahili kubaki: Daniel Toroitich arap Moi, ambaye "arap" yake ya Kikalenjin ina maana ya mwana wa, aliitwa Moi na Wakenya kwa miaka 24 ya urais wake. Namba kubwa kuliko kawaida, kama 20 na kuendelea, huonyesha majina yaliyotoka mazima kwa sababu ya ile nafasi ya 160.

Hatua ya mwisho ni kunakili safu B na kuibandika papo hapo kama thamani tupu, bila fomula. Anayeifuta safu A kabla ya kufanya hivyo ataona orodha yake yote ikigeuka `#REF!`, na atalazimika kubonyeza Ctrl na Z mara moja, kabla hajahifadhi na kufunga faili.